Mtoto wa Usiku wa Ijumaa

Alhamisi ya tarehe 14 Machi 2024, Ramadhani ilikuwa na siku 3 tangu ianze Kenya. Tuseme saa mbili usiku, katika hospitali ya rufaa ya kaunti pale Msambweni, amezaliwa mtoto wa kiume. Muuguzi anaandika kwenye karatasi ya taarifa ya kuzaliwa: Alhamisi, 14 Machi. Nyanya yake, anayesubiri nje pamoja na chupa ya uji, anapopigiwa simu na jamaa wa Diani kuulizwa habari, anajibu kwamba mtoto amekuja usiku wa Ijumaa.

Wote wawili wamesema kweli. Kalenda ya muuguzi inabadilisha siku saa sita za usiku. Ile ya nyanya inabadilisha siku jua linapotua, karibu saa kumi na mbili na nusu pwani hii mwezi wa Machi. Magharibi ilipoadhiniwa, Alhamisi ilikwisha. Kilichobaki mpaka alfajiri ni usiku wa Ijumaa, na mtoto akizaliwa humo ni mtoto wa Ijumaa, wa kuitwa Juma. Angekuwa wa kike, angeitwa Mwanajuma. Iwapo angetangulia kwa saa tatu tu, kabla ya jua kutua, angekuwa Hamisi, au Mwanahamisi, jina ambalo katika vinywa vya Wadigo limefupika likawa Mwanamisi, na ambalo limejaa Kwale yote kuanzia Tiwi hadi Vanga.

Ndiyo maana mtu anayelinganisha majina ya watu wa pwani ya kusini na vyeti vyao vya kuzaliwa hukutana na akina Juma walioandikwa Alhamisi, akadhani wazazi walikosea hesabu. Hawakukosea. Siku ya magharibi kwa magharibi na siku ya saa sita kwa saa sita haziendi sambamba, na mtoto anayezaliwa kati ya machweo na usiku wa manane, muda wa kama saa tano na nusu, huangukia siku mbili tofauti katika madaftari mawili tofauti.

Kwa kawaida jina halitamkwi papo hapo. Siku ya saba mtoto hunyolewa, hufanyiwa akika, mbuzi wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana kwa familia yenye uwezo, na hapo ndipo jina hutangazwa. Lakini katika siku hizo 7 nyumba haikai na mtoto asiye na la kuitwa. Mkunga au nyanya humwita kwa siku aliyokuja nayo, na mara nyingi jina hilo la mwanzo humganda hata baada ya sheikh kumpa jingine. Watu wengi wa Kwale wana majina mawili ya namna hii: moja la chuo na la kitambulisho, jingine la nyumbani, ambalo linajulikana na mama, shangazi na majirani wa zamani. Anayetaka kujua mtu alizaliwa lini afadhali aulize lile la nyumbani.

Tukizitazama siku za juma, zipo zilizozaa majina mengi na zipo zilizokaa kimya. Juma na Hamisi wamejaa kila kijiji. Jumanne na Jumapili wapo, hasa ukivuka mpaka wa Lunga Lunga kuingia Tanzania. Jumamosi na Jumatatu kama majina ya watu ni adimu. Ijumaa ni siku ya swala ya jamaa, siku ambayo msikiti wa Kongo pale Diani, uliojengwa karne nyingi kabla ya hoteli ya kwanza kusimama ufukweni, hupokea watu ambao siku nyingine huswali makwao. Alhamisi hubeba utukufu wa usiku unaoifuata. Wazazi hawakuitazama wiki kama mstari wa siku 7 zilizo sawa. Mtoto aliyekuja katika siku isiyo na uzito alitafutiwa jina kwingine.

Na kwingine kulikuwepo, kwa sababu Wadigo na Waduruma, kama Wamijikenda wenzao, walikuwa na wiki yao kabla ya wiki ya siku 7 kufika bara ya Kwale. Wiki hiyo ilikuwa ya siku 4. Siku 3 za kulima, na ya nne, Jumwa, ya kupumzika, ya soko na ya shughuli za wazee. Ilitawala kilimo na ilitawala makatazo ya kaya, ile misitu mitakatifu ambayo mmoja wao, Kaya Kinondo, uko kusini kidogo mwa Diani, na tangu 2008 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya Unesco pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Msichana aliyezaliwa siku ya nne aliitwa Jumwa. Jina hilo lingali hai, na Wakenya wengi wamelisikia bungeni kupitia Aisha Jumwa, mwanasiasa wa Kilifi, ambaye majina yake mawili ya mwanzo yanakaa bega kwa bega: moja la mke wa Mtume, jingine la wiki ya kaya.

Jumwa na Juma yanakaribiana masikioni, na karani asiye mwenyeji aliweza kuliandika moja mahali pa jingine. Lakini hesabu zake ni mbali. Siku ya Jumwa hurudi kila baada ya siku 4, ya Ijumaa kila baada ya 7, na mbili hizo hukutana mara moja katika siku 28. Kwa Jumwa, kwa hiyo, haiwezekani kusema alizaliwa siku gani ya wiki ya leo. Jina lake linahifadhi siku ambayo kalenda ya ukutani haina hata kisanduku chake.

Kusini, Uislamu uliingia miongoni mwa Wadigo mapema na kwa nguvu kuliko miongoni mwa Wamijikenda wengi wa kaskazini. Uliingia kwa njia ya biashara, ndoa na walimu wa chuo waliokaa katika miji ya pwani kama Gazi, Wasini na Vanga, na ukaenea sana kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Wiki ya siku 7 ilifuatana nao. Hii inaeleza kwa nini ukisafiri leo kutoka Msambweni hadi Malindi, Mwanamisi na Mwanajuma hupungua na akina Jumwa huongezeka, ingawa lugha za watu hawa ni ndugu na desturi zao nyingi ni moja.

Jina la siku, hata likisomwa vizuri, halina mwaka. Linasema Ijumaa, bila kusema Ijumaa ipi kati ya maelfu. Jina la mwezi linasema zaidi, na hapa ndipo majina ya pwani ya kusini yanapokuwa chombo cha kufanyia kazi kwelikweli.

Miezi ya Kiislamu 12 haikutoa majina kwa usawa. Kwa hesabu ya Waswahili, baada ya Ramadhani miezi huitwa kwa namba, kuanzia Mfunguo Mosi mpaka Mfunguo Tisa, kisha huja Rajabu na Shaabani, na mwaka unafungwa tena na Ramadhani. Miezi ya namba haikuwapa watu majina kama miezi. Iliwapa kwa matukio yaliyomo. Mfunguo Mosi humpa mtoto jina la Idi au Mwanaidi. Mfunguo Tatu humpa Haji, au Arafa kwa msichana aliyezaliwa siku ya 9, mahujaji wanaposimama Arafa. Mfunguo Nne una Ashura, siku ya 10. Mfunguo Sita una Maulidi, na mpenzi wa taarabu ya Mombasa atamkumbuka mara moja mwimbaji Maulidi Juma, mwenye majina mawili ya kalenda yanayofuatana. Rajabu ina jina lake, na ina Miraji kwa waliozaliwa karibu na usiku wa 27. Shaabani na Ramadhani hujitosheleza, na kwa wasichana wa mwezi wa mfungo lipo jina zuri la zamani: Tumu, au Mwanatumu, kwa kuwa mwezi wa tumu ndio Ramadhani yenyewe.

Mwaka wa miezi hii ni wa siku 354 au 355. Ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, hivyo Ramadhani hurudi nyuma siku 11 kila mwaka, ikipita kwenye kaskazi, kwenye vuli, kwenye kusi na kwenye masika, mpaka baada ya miaka 33 hivi ya jua inapokaa tena pale ilipoanzia. Ramadhani ya 2024 ilianza kati ya Machi. Miaka 33 kabla, 1991, ilianza kati ya Machi vilevile. Miaka 33 nyuma zaidi, 1958, ilianza tarehe ishirini na kitu za Machi. Tumu wa 1958, Tumu wa 1991 na Tumu wa 2024, ambao wangeweza kuwa nyanya, mama na mtoto katika nyumba moja ya Ukunda, wote walipokewa na joto lilelile la mwisho wa kaskazi, watu wakiangalia mawingu na kungoja masika. Lakini Tumu wa 1974 alizaliwa Septemba au Oktoba, kusi ikilegea na vuli ikikaribia.

Sasa tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme kuna bibi wa Shimba Hills anayeitwa Mwanatumu, ambaye kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1 Januari 1957. Tarehe 1 Januari huandikwa mara nyingi kwa mtu asiyejua siku yake, na mwaka nao aghalabu hukisiwa na karani kwa kuutazama uso. Wajukuu wake wanataka kujua umri wake wa kweli. Wanaanza na jina. Je, ni lake yeye mwenyewe, au alirithi la nyanya yake? Anasema kwa yakini kwamba hakuna Tumu aliyemtangulia kwa baba wala kwa mama. Aliitwa hivyo kwa sababu mama yake alijifungua katika mfungo. Jina, basi, linaaminika.

Swali la pili ni la msimu. Mama yake alimsimulia nini juu ya siku hizo? Alimsimulia kwamba mashamba yalikuwa yamekwisha kufyekwa na kuchomwa, jembe bado halijaingia ardhini, mvua haijanyesha. Mkulima wa Kwale anatambua mara moja: ni Machi, kabla ya masika kushuka. Miaka ambayo Ramadhani iliingia Machi wakati huo si mingi. Mwaka 1958 ilianza karibu tarehe 21 Machi, 1959 karibu tarehe 11, 1960 mwisho wa Februari ikachukua karibu Machi yote, na 1961 ikaishia katikati ya Machi. Mwaka 1957 ilianza kuingia Aprili, wakati jembe limekwisha kushikwa. Duru ya kabla ya hapo ni ya miaka ya 1925 hadi 1928, na bibi huyu si wa umri huo.

Kwa jina moja na kumbukumbu moja ya shamba, miaka imekwisha kupungua ikabaki 4. Swali la tatu linahitaji tukio kubwa. Oktoba hadi Desemba 1961 vuli ilikuwa ya mafuriko Kenya nzima na jirani zake, mvua ambayo watu waliozaliwa kabla yake hawajaisahau. Bibi aliambiwa kwamba maji yalipojaa yeye alikuwa ndiyo kwanza anatembea, akishika ukuta. Mtoto wa Machi 1959 wakati huo alikuwa na miaka 2 na nusu, anakimbia. Wa Machi 1961 alikuwa na miezi 8, anatambaa. Wa Machi 1960 alikuwa na mwaka na miezi 8. Ni mkubwa kidogo kwa anayeshika ukuta, lakini watoto hawatembei kwa saa ya ukutani. Kuna wanaochelewa, na wapo wanaowahi. Jibu la uaminifu ni kwamba Mwanatumu alizaliwa Machi 1960, au, kama alitembea mapema sana, mwanzo wa Machi 1961. Kwa vyovyote ni mdogo kuliko kitambulisho chake kwa miaka 3 au 4.

Kazi hii huharibika katika sehemu mbili. Ya kwanza ni kuuliza maswali yote kwa pamoja, au kumtajia mzee mwaka kabla hajasimulia, kwa sababu atauchukua mwaka huo na kuupangia hadithi. Ya pili ni kuchanganya misimu. Kufyeka hufanyika pia kabla ya vuli, na mtu akisema tu kwamba shamba lilikuwa limefyekwa, anaweza kuwa anazungumzia Septemba. Inabidi aulizwe upepo ulikuwa upi, na kilichokuwa kikisubiriwa kupandwa ni mahindi ya msimu mkubwa au ni mazao ya vuli. Upepo haukosewi kirahisi na watu waliokulia pwani. Kaskazi na kusi ziliendesha vyombo vya wavuvi wa Gazi na Shimoni kabla hazijawa maneno ya kuelezea hali ya hewa.

Kuna jina moja la msimu ambalo linastahili kukaliwa peke yake, nalo ni Mwaka. Wanawake wanaoitwa Mwaka wapo Unguja, wapo Pemba na wapo pwani ya kusini ya Kenya. Anayelisikia kwa mara ya kwanza hushangaa, kwa kuwa kila mtu huzaliwa katika mwaka. Lakini jina hilo linaashiria siku moja: siku ya mwaka, Nairuzi, inayofungua mwaka wa jua wa Waswahili. Huko Makunduchi bado inasherehekewa kwa Mwaka Kogwa. Pwani ya Kwale, wavuvi na wakulima walihesabu kuanzia siku hiyo kwa makumi, na kwa hesabu hiyo walijua wakati wa kupanda na wakati wa kufunga safari ya baharini, jambo ambalo mwezi wa mwandamo, unaohamahama, hauwezi kuwaambia.

Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili, bila siku ya nyongeza kila baada ya miaka 4. Kwa hiyo nao unasogea, ila polepole sana, siku moja kila miaka 4. Katikati ya karne ya 19 siku ya mwaka iliangukia mwisho wa Agosti. Miaka hii iko karibu na tarehe 23 Julai. Mwaka aliyezaliwa miaka ya 1950 alizaliwa mwanzo wa Agosti. Bibi wa bibi yake, kama naye alikuwa Mwaka, alizaliwa wiki kadhaa baadaye katika kusi. Tofauti ni ndogo, lakini msomaji wa majina asiyeijua atampa mtu tarehe isiyo yake.

Kuna pingamizi jingine, la Kwale hasa. Katika Kidigo, na katika Kiswahili cha zamani cha Mombasa, mwaka ni pia msimu wenyewe wa mvua kubwa, ule ambao Mtanzania anauita masika. Mwaka wa Kidigo, kwa hiyo, aweza kuwa mtoto wa Nairuzi na aweza kuwa mtoto wa mvua, wa kati ya Aprili na Juni. Hakuna kanuni ya kuamua kwa kulitazama jina tu. Inabidi kujua familia. Watu wa Wasini, Funzi na Vanga, wenye mizizi ya kibahari na ya Kishirazi, wana sababu ya kuikumbuka siku ya mwaka. Watu wa mashamba ya bara, nyuma ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, wana sababu zaidi ya kuukumbuka msimu. Na mtu asije akamhesabu miongoni mwa akina Mwaka kila ambaye jina lake linaanza kwa herufi hizo: Mwakwere, jina alilolibeba mwanasiasa mashuhuri wa Matuga, Chirau Ali Mwakwere, ni la ukoo, na mwanzo wake ni ule Mwa- wa koo za Wamijikenda, usiohusiana na kalenda.

Yaliyobaki ni majina ya hali, na hapa kalenda hukaa pembeni ikaingia nyumba. Tabu, Shida na Mashaka husimulia uchungu wa kuzaa, au ugonjwa, au mume aliyekuwa mbali. Chausiku alikuja usiku. Mwanamvua alikuja ikinyesha. Sikudhani ni msichana ambaye mama yake alikwisha kata tamaa ya kupata mtoto, na sauti ya mama huyo ingali inasikika ndani ya jina kila linapoitwa. Charo, katika lugha za Wamijikenda, ni safari, na aliyeitwa hivyo kwa kawaida alizaliwa njiani au wakati wazazi wakihama. Mwenzake wa Kiswahili ni Safari. Yapo pia majina ya njaa. Wamijikenda waliziita njaa zao kubwa kwa majina, kama ile ya Mwakisenge ya miaka ya 1880, na ile ya Magunia ya 1898 hadi 1900, iliyoitwa hivyo kwa nafaka iliyoletwa ndani ya magunia. Nzala, maana yake njaa, lilibaki kuwa jina la watu mpaka leo.

Hakuna majina yanayopotea haraka kama haya. Uislamu hufundisha kumpa mtoto jina jema. Wapo waliosoma chuoni hadithi ya Mtume kumtaka mtu aliyeitwa Hazni, yaani ugumu, abadilishe jina lake kuwa Sahli, yaani wepesi. Sheikh anayeletewa mtoto aitwaye Shida humwandika Swabra au Salama, na wazazi hukubali kwa moyo mweupe, maana hakuna anayependa mwanawe abebe taabu ya siku moja kwa maisha yake yote. Hilo linaeleweka. Lakini pamoja na jina hutoweka ushahidi: kwamba mwaka fulani katika kijiji fulani mama mmoja alijifungua kwa shida, na kulikuwa na kilichosababisha. Ni vizuri familia iandike mahali hilo jina la mwanzo kabla halijafa na waliolijua.

Mtego mkubwa kuliko yote, hata hivyo, haumo ndani ya majina ya hali. Umo ndani ya majina ya kawaida kabisa, kama Juma.

Kama kila Juma wa Kwale angezaliwa Ijumaa, na kila mvulana wa Ijumaa angeitwa Juma, wangekuwa mmoja kati ya saba. Lakini kwa Waswahili na kwa Wadigo mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo jina likishazaliwa Ijumaa hutembea lenyewe kizazi hadi kizazi bila kuuliza siku. Mfano wake uko wazi katika siasa za kaunti. Juma Boy, aliyepata kuwa Katibu Mkuu wa COTU, alikuwa mtu wa Kwale. Mwanawe Boy Juma Boy akachaguliwa seneta wa kwanza wa Kwale mwaka 2013, na ndugu yake Issa Juma Boy akakishika kiti hicho mwaka 2017. Boy Juma Boy ni Boy wa Juma wa Boy. Jina la babu limepanda juu ya baba likamshukia mjukuu. Kwa mpango huo, mjukuu wa Boy Juma Boy atakayekuwa Boy hatakuwa ameitwa kwa sababu ya siku, na Juma yeyote atakayefuata katika mnyororo huo anaweza kuzaliwa Jumanne bila mtu kuona ajabu. Ndiyo maana swali la kwanza kwa bibi yule Mwanatumu lilikuwa: nani alikuwa na jina hili kabla yako?

Hata kwa mtu maarufu kuliko wote wa pwani hii, swali hilo linafaa. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, safari fupi kusini ya Vanga, na vitabu huandika tarehe 1 Januari 1909. Ukiirudisha tarehe hiyo katika kalenda ya Kiislamu, utaikuta karibu siku ya 8 ya Mfunguo Tatu mwaka 1326, mkesha wa Arafa, siku 2 kabla ya Idi ya Kuchinja. Zaidi ya hapo, 1 Januari 1909 ilikuwa Ijumaa. Mtoto wa siku hiyo angeitwa Juma, au Haji, au Idi. Hakuna kalenda inayomtoa Shaaban, kwa kuwa Shaabani ya mwaka huo ilikwisha mwisho wa Septemba 1908, na iliyofuata haikuanza mpaka katikati ya Agosti 1909. Ama jina lilikuwa la kurithi, ama tarehe ni ile 1 Januari ya makarani, na mshairi alikuja duniani katika kusi, miezi 4 hivi kabla ya siku anayoadhimishwa, au miezi 7 au 8 baada yake.